Jicho Jekundu: Lipi la Kusubiri Nyumbani na Lipi la Kukimbiza Hospitali

Mazungumzo ya afya ya kusomwa katika mabaraza, kliniki za mama na mtoto na mikutano ya vikundi, Kaunti ya Kajiado



Mada ya leo ni jicho jekundu. Hakuna boma ambalo halijawahi kuliona. Mtoto huamka kope zimegandana kwa tongotongo. Fundi wa kuchomelea vyuma kule Kitengela hurudi jioni macho yakiwaka kama makaa. Mchungaji hupigwa na tawi la mgunga. Nyanya naye amekaa miaka kumi machozi yakimtiririka, na amezoea. Wote wanne wana macho mekundu, lakini kila mmoja ana ugonjwa wake. Mmoja atapona hata asipotibiwa, na mwingine anaweza kupoteza jicho kabla ya wiki kwisha.

Weupe wa jicho umefunikwa na utando mwembamba wenye mishipa midogo sana ya damu. Jicho likikasirishwa na kitu chochote, iwe ni kirusi, vumbi, moshi, mwiba au ugonjwa ulio ndani kabisa, mishipa hiyo hutanuka na kujaa damu. Wekundu basi ni kama kengele ya shule: inalia vilevile kwa mapumziko na kwa moto. Ukali wa wekundu haupimi ukali wa ugonjwa. Jicho lililoiva kama nyanya linaweza kuwa salama, na lenye wekundu kidogo tu likawa hatarini. Kinachotenganisha mawili hayo ni maumivu na uwezo wa kuona.

Maswali manne ya kujiuliza

Swali la kwanza: je, jicho linauma, au linawasha tu? Kuwasha, au kuhisi kama kuna mchanga, ni jambo la kawaida katika magonjwa mepesi. Maumivu yenyewe, yale ya kina yanayomnyima mtu usingizi, si ya kawaida.

Swali la pili: je, unaona kama ulivyokuwa ukiona jana? Hili linapimwa nyumbani bila kifaa. Kwanza safisha tongotongo kwa maji safi, kwa sababu tongotongo peke yake huleta ukungu unaoondoka mtu akipepesa. Kisha ziba jicho zima kwa kiganja bila kulibonyeza, na utazame kwa jicho jekundu kitu cha mbali unachokifahamu, kama maandishi ya bango la duka au alama za ng'ombe wako. Badilisha, uzibe jicho jekundu na utazame kwa lile zima. Ikiwa jekundu linaona ukungu ambao haupungui hata baada ya kusafishwa, hiyo ni dharura.

Watu wengi hukosea hapa kwa kupima macho yote mawili kwa pamoja. Jicho zima hulifichia lile gonjwa, na mwenyewe hudhani anaona sawa.

Swali la tatu: je, mwanga unakuumiza? Mtu anayejificha chumbani na kufunika uso kila mlango unapofunguliwa huenda ana kidonda juu ya jicho au uvimbe ndani yake.

Swali la nne: je, kuna kilichotokea kabla ya wekundu? Mwiba, jani la mahindi, cheche ya chuma, simenti, dawa ya kupe, mate ya swila, au lenzi zinazovaliwa ndani ya jicho. Kama kipo, jicho hilo lipelekwe hospitali siku hiyohiyo, hata kama bado linaona.

Mtu akijibu "hapana" kwa maswali yote manne, kwa kawaida ana nafasi ya kusubiri. Akijibu "ndiyo" kwa moja tu, asisubiri.

Macho mekundu ya kuambukizana

Ugonjwa unaofahamika zaidi ni ule wa macho mekundu unaoenea kwa kasi shuleni, bwenini na nyumbani. Mwanzoni mwa mwaka 2024 ulienea katika kaunti za Pwani, Mombasa ikiwemo, wakati ambapo Dar es Salaam nayo ilikuwa na wagonjwa wengi. Mara nyingi husababishwa na virusi.

Dalili zake zina mpangilio. Huanza jicho moja, na baada ya siku moja au mbili la pili hufuata. Machozi ni mengi, kope huvimba kidogo, na mtu huhisi mchanga. Lakini akishasafisha uso, anaona sawasawa. Kwa kawaida ugonjwa huu huisha wenyewe kati ya wiki moja na mbili, wakati mwingine tatu. Hakuna dawa ya matone inayoua virusi hivyo vya kawaida, na antibiotiki haiwezi kuharakisha kupona. Kinachosaidia ni kitambaa safi kilicholowekwa maji baridi na kuwekwa juu ya kope, na kusafisha tongotongo kwa maji safi yaliyochemshwa yakapoa.

Kinachohitaji bidii ni kuzuia wengine wasiambukizwe. Virusi hivi husafiri kwa mikono, taulo, mito ya kulalia na simu inayopitishwa mkono kwa mkono. Mgonjwa awe na taulo yake peke yake, anawe mikono kwa sabuni kila anapogusa macho, na mtoto abaki nyumbani wakati macho yake bado yanatoa machozi na tongotongo. Kumwangalia mgonjwa usoni hakuambukizi.

Ikiwa badala ya machozi kuna usaha mzito wa manjano unaorudi kila ukipanguswa, huenda sababu ni bakteria. Hapo zahanati inaweza kutoa dawa ya kupaka ya antibiotiki, na kwa kawaida nafuu huonekana baada ya siku mbili au tatu. Isipoonekana, mgonjwa arudi akaangaliwe tena.

Macho yanayowasha sana, yote mawili, hasa wakati wa vumbi, kwa mtoto anayeyasugua mchana kutwa, mara nyingi ni mzio. Huo hauambukizi, na mtoto hana haja ya kutengwa.

Ni mmoja tu asiyeingia katika utaratibu wa kusubiri: mtoto mchanga. Mtoto wa chini ya siku 28 mwenye macho mekundu yanayovimba na kutoa usaha huenda aliambukizwa kisonono wakati wa kuzaliwa. Maambukizi hayo yanaweza kutoboa jicho kwa siku chache tu. Apelekwe hospitali saa hiyohiyo, na mama atibiwe pamoja na mwenziwe. Matone ya maziwa ya mama machoni hayatibu ugonjwa huo. Yanapoteza muda wa mtoto.

Mfano wa mchungaji na tawi la mgunga

Sasa tuchukue mfano wa ugonjwa usiosubiri. Kijana wa miaka 22 anachunga karibu na Bisil. Saa nne asubuhi anapita kichakani na tawi la mgunga linamchapa jicho la kulia. Anahisi uchungu, anasugua, machozi yanamwagika, kisha anaendelea na kazi.

Kilichoumia ni kioo cha mbele ya jicho, ile sehemu angavu inayofunika mboni, ambayo madaktari huiita konea. Ngozi yake ya juu ni nyembamba mno, na imechubuka. Mchubuko peke yake si hatari kubwa, kwani ngozi hiyo hujijenga upya kwa siku moja mpaka tatu. Hatari ni kwamba mlango umefunguka, na tawi lilikuwa na vijidudu na kuvu.

Hapa ndipo saa zinapohesabiwa. Katika wilaya ya Bhaktapur nchini Nepal, wahudumu wa afya wa vijijini walifundishwa kutambua michubuko ya aina hii na kupaka dawa ya antibiotiki mara 3 kwa siku kwa siku 3. Matokeo yalichapishwa mwaka 2001. Miongoni mwa walioanza dawa ndani ya saa 18 tangu kuumia, hakuna hata mmoja aliyepata kidonda cha jicho. Miongoni mwa waliochelewa hadi kati ya saa 24 na 48, zaidi ya robo walipata kidonda. Dawa ilikuwa ileile, na bei yake ni ndogo. Kilichobadilika ni muda.

Kijana wetu, kama angefika zahanati jioni ile, angewekewa jichoni rangi maalum ya kupima. Chini ya mwanga wa buluu, mahali palipochubuka hung'aa kijani, na mhudumu huona mkwaruzo ambao macho ya kawaida hayauoni. Angepewa dawa ya kupaka na kuambiwa arudi kesho yake. Hadithi ingeishia hapo.

Lakini tuseme hakwenda. Siku ya pili jicho linauma zaidi na mwanga unamchoma. Siku ya tatu, jirani anampa chupa ya matone iliyobaki tangu mwaka jana. Anaweka, na usiku ule anapata nafuu. Wekundu unapungua, naye anashukuru. Matone hayo yalikuwa na steroidi. Dawa hiyo hutuliza uvimbe, na madaktari wa macho huitumia kwa magonjwa fulani wakiwa wamemchunguza mgonjwa. Ila juu ya kidonda chenye kuvu au virusi, hunyamazisha kinga ya mwili huku adui akiendelea kula. Wekundu unapungua wakati kidonda kinachimba.

Siku ya sita, kuna doa jeupe katikati ya kioo cha jicho, unaloweza kuliona ukisimama mbele yake. Anaona ukungu mtupu. Sasa zahanati haiwezi kummaliza shida. Lazima apewe rufaa hadi kliniki ya macho. Huko watakwangua kidonda kidogo ili kujua kama ni bakteria au kuvu. Vidonda vinavyotokana na mimea mara nyingi huwa vya kuvu, na matone yake mwanzoni huwekwa kila saa, hata usiku, kisha matibabu huendelea kwa wiki kadhaa. Hata kidonda kikipona, huacha kovu jeupe. Kovu likiwa pembeni, ataona. Likiwa katikati, ni kama dirisha lililopakwa rangi.

Katika mfano huu yako makosa matatu ambayo kila mtu anaweza kuyaepuka: kusugua jicho lililoumia, kungoja lipone lenyewe ilhali linauma zaidi kila siku, na kutumia matone ya mtu mwingine. Yaongezwe pia majani yaliyopondwa, sukari, mkojo na maziwa. Vyote huingiza vijidudu kwenye jicho ambalo tayari mlango wake uko wazi. Wala jicho lenye usaha au kidonda lisifungwe kwa kitambaa, kwa sababu joto na unyevu huwafaidi vijidudu.

Dharura nyingine mbili zitajwe kwa ufupi. Ya kwanza ni kemikali: simenti, chokaa, dawa ya kupe, au mate ya swila. Hapo kazi huanza palepale, kabla ya kutafuta gari. Fungua kope kwa vidole na umwagie maji safi mengi kwa muda usiopungua dakika 15. Simenti na chokaa huhitaji dakika 30 au zaidi, na chembe zilizobaki chini ya kope zitolewe kwa maji. Kisha mgonjwa aende hospitali.

Ya pili ni presha ya macho inayopanda ghafla. Jicho moja huwa jekundu, huuma sana pamoja na kichwa upande huo, mtu hutapika, na hukiona kioo cha taa kimezungukwa na duara za rangi. Wengi hutibiwa kama wana malaria au tumbo kwa sababu ya kutapika. Anayetapika huku jicho likiwa jekundu na kuuma aseme habari za jicho kwanza. Presha hiyo huua mshipa wa kuonea, na kinachokufa hapo hakirudi.

Trakoma: wekundu wa miaka mingi

Kajiado ni miongoni mwa kaunti za Kenya ambako trakoma imekaa kwa muda mrefu. Ugonjwa huu haupigi hodi kama mwiba. Husababishwa na bakteria wanaopita kutoka uso hadi uso kwa vidole, kwa ncha ya shuka au leso inayopangusa watoto kadhaa, na kwa nzi.

Nzi huyo apendaye machozi ya watoto huzaliana hasa kwenye kinyesi cha binadamu kilichoachwa wazi juu ya ardhi. Kwa sababu hiyo choo, hata cha shimo cha kawaida, ni dawa ya macho. Kinyesi kikiingia shimoni, nzi hao hukosa pa kutagia.

Mtoto mwenye trakoma huenda asilalamike. Macho yake ni mekundu kidogo na yana tongotongo, lakini ukipindua kope ya juu, kwa ndani kuna vipele vidogo kama chembe za sago. Akitibiwa, anapona. Asipotibiwa, anaweza kupona mwenyewe pia, kisha akaambukizwa tena, na tena, na tena. Kila maambukizi huacha kovu dogo ndani ya kope. Baada ya miaka mingi makovu hujikunja kama ngozi iliyokauka juani na kuivuta kope iangalie ndani. Nywele za kope sasa zinakwangua kioo cha jicho kila mtu anapopepesa, maelfu ya mara kwa siku.

Huyo ndiye nyanya tuliyemtaja mwanzoni. Wanawake huathirika zaidi ya wanaume, kwa kuwa ndio walezi wa watoto wadogo na huambukizwa upya nao. Wengi hubeba kibanio na kung'oa nywele hizo. Nafuu hupatikana kwa siku chache, halafu nywele huota tena, fupi na ngumu, na kuchoma zaidi. Kung'oa hakurudishi kope mahali pake.

Kinachoirudisha ni upasuaji mdogo. Kope hutiwa ganzi, hukatwa kidogo na kushonwa ili ukingo wake ugeukie nje. Mgonjwa hurudi nyumbani siku hiyohiyo. Ni lazima kusema ukweli wake wote: upasuaji huondoa mkwaruzo na kulinda uoni uliobaki, lakini hauondoi makovu yaliyokwisha kutiwa kwenye kioo cha jicho. Anayekwenda mapema huokoa zaidi. Pia baadhi ya kope hujikunja tena baadaye, kwa hiyo aliyepasuliwa akihisi nywele zinachoma, arudi.

Kwa watoto na jamii nzima kuna azithromaisini, dawa ya kumezwa mara moja kwa kipimo cha uzito au urefu. Pale ambapo uchunguzi unakuta angalau watoto 5 kati ya 100 wenye umri wa mwaka 1 hadi 9 wana vipele hivyo, dawa hugawiwa kwa eneo zima, wagonjwa na wazima pamoja. Watu huuliza kwa nini wanywe dawa ilhali hawaumwi. Jibu ni kwamba mtu anaweza kubeba bakteria bila dalili, na mtoto mmoja aliyerukwa anaweza kuanzisha mzunguko upya katika boma. Watoto wachanga wa chini ya miezi 6 hupewa dawa ya kupaka ya tetrasaiklini badala yake, mara 2 kwa siku kwa wiki 6. Mama asiache katikati kwa kuwa macho yameonekana safi.

Dawa ikishamezwa, kinachobaki ni uso safi. Maji ni haba katika sehemu nyingi za kaunti hii, ila uso wa mtoto hauhitaji ndoo. Kikombe kimoja kinatosha, na kibuyu chirizi kilichoning'inizwa mlangoni humwezesha mtoto kunawa mwenyewe. Akaushwe kwa hewa, au kwa kitambaa chake peke yake.

Trakoma na mwiba vinakutana mahali pamoja. Kioo cha jicho kinachokwanguliwa na nywele miaka yote ni kioo chenye mlango wazi. Nyanya aliyezoea machozi yake akianza ghafla kusema jicho linauma kuliko kawaida, au ukungu umeongezeka tangu juzi, asijibiwe kwamba ni ule ugonjwa wake wa zamani. Huenda ni kidonda kipya, na saa zake zinahesabiwa kama za yule mchungaji.

La kusema ukifika kituoni

Mgonjwa wa jicho aingie na majibu matano: ni jicho lipi, lilianza lini, limegongwa au kumwagikiwa na nini, linaona vipi likilinganishwa na lenzake, na limewekwa dawa gani. Kama ni matone, abebe chupa yenyewe. Kama ni majani au maziwa, aseme bila haya, kwa kuwa jibu hilo hubadilisha matibabu.

Na kama jicho linauma, linaona ukungu au limechomwa, asikubali kukaa nyuma ya foleni kimya. Amwambie muuguzi wa mlangoni kwa sentensi moja: "Jicho langu linauma na silioni vizuri tangu jana." Maneno hayo ndiyo yanayomtenganisha na wenye macho mekundu ya kawaida waliokaa naye kwenye benchi.